Mbagala Imepanda au Gongo la Mboto? Jinsi ya Kuchora Grafu ya Mteremko Isiyogombanisha Watu

Katika mkutano wa mwaka wa ubia mmoja wa maduka ya dawa hapa Dar es Salaam, kila mbia alipewa karatasi yenye mistari saba iliyotoka kushoto kwenda kulia. Kushoto paliandikwa 2022, kulia paliandikwa 2024, na kila mstari ulikuwa na jina la tawi. Meneja alisimama akasema kwamba tawi lililokua kuliko yote ni Gongo la Mboto. Mzee mmoja aliyekaa mbele akaisogeza karatasi mbali na macho, akaivuta tena karibu, kisha akauliza: "Mwanangu, mimi hapa naona Mbagala ndiyo iliyopanda, tena kwa mbali. Hiyo Gongo la Mboto unaitoa wapi?" Meneja akajibu kwa adabu, "Mzee wangu, hiyo ni asilimia sitini." Mzee akasema kuwa asilimia hazimo kwenye karatasi, na kweli hazikuwemo. Robo saa nzima ikapotelea hapo, na chai ikapoa.

Wote wawili walikuwa sahihi, na hilo ndilo lililofanya ubishi usiishe. Karatasi waliyokuwa wakiitazama inaitwa grafu ya mteremko, na siku hizi imeanza kuonekana mara kwa mara katika taarifa za vyama vya akiba na mikopo, za maduka yenye matawi na za shule zenye kampasi zaidi ya moja. Inachoreka kwa urahisi na inavutia macho, lakini ina tabia zake, na asiyezijua huisoma kwa namna ambayo mchoraji hakuikusudia. Katika makala haya nitaichora moja hatua kwa hatua kwa mfano unaofanana na ule wa mkutanoni. Majina ya maeneo ni ya jiji letu, lakini namba zote za mauzo nimezitunga kwa ajili ya kufundishia, kwa hiyo asiwepo wa kuzitafutia duka.

Grafu hii ni nini

Grafu ya mteremko ina mihimili miwili tu iliyosimama wima, mmoja kwa kila mwaka. Kila tawi huwekewa nukta kwenye mhimili wa kwanza kulingana na kiasi chake cha mwaka ule, na nukta nyingine kwenye mhimili wa pili kulingana na kiasi cha mwaka wa pili, kisha nukta hizo mbili huunganishwa kwa mstari ulionyooka. Mtu anayetaka kuiona kwa mikono yake apigilie misumari kwenye mbao mbili zilizosimama sambamba, kisha afunge uzi kutoka kila msumari wa kushoto hadi mwenzake wa kulia. Uzi unaopanda ni tawi lililoongeza, unaoshuka ni tawi lililopunguza, na uliolala ni tawi lililobaki pale pale.

Jina lenyewe lina utata kidogo katika Kiswahili, kwa sababu tukisema mteremko tunafikiria kushuka. Hapa neno hilo lina maana ya kihesabu, yaani kiasi cha kuinama kwa mstari, uwe unapanda au unashuka. Aliyeipa umaarufu aina hii ya grafu ni Mmarekani Edward Tufte, aliyeionyesha mwaka 1983 kwa mfano wa nchi 15 na mapato ya serikali zake yakilinganishwa na pato la taifa, mwaka 1970 upande mmoja na mwaka 1979 upande wa pili. Haikuwa na mapambo yoyote, ila majina, namba na mistari myembamba.

Kwa nini tusitumie grafu ya pau tuliyoizoea tangu shuleni? Kwa matawi saba na miaka miwili, pau zinakuwa 14, mbili mbili kwa kila tawi. Msomaji hulazimika kulinganisha urefu wa pau mbili, akumbuke tofauti yake, ahamie tawi linalofuata, kisha alinganishe tofauti kwa tofauti kichwani. Katika grafu ya mteremko tofauti yenyewe ndiyo iliyochorwa, na jicho hushika mara moja mstari unaoshuka kati ya mingi inayopanda. Lakini mtu akitaka kujua jumla ya mauzo ya kampuni nzima, au sehemu ya kila tawi katika jumla hiyo, grafu ya mteremko haitamsaidia, na asiichore.

Tuichore kwa penseli

Hizi hapa namba za mfano wetu. Ni mauzo ya mwaka mzima kwa milioni za shilingi, na nimeyapanga matawi kuanzia lililouza zaidi mwaka 2022.

```
                  2022   2024
Kariakoo           940   1010
Sinza              610    560
Mbagala            480    640
Tegeta             390    405
Tabata             370    410
Gongo la Mboto     150    240
Kigamboni           85    230
```

Chukua karatasi ya grafu ya ukubwa wa A4 na uisimamishe wima. Chora mihimili miwili iliyo sambamba, yenye urefu wa sentimita 21 kila mmoja, ikiachana kwa sentimita 8, na uache nafasi ya kutosha pembeni pande zote mbili kwa ajili ya majina. Kwa skeli ya sentimita 1 kwa kila shilingi milioni 50, chini ni sifuri na juu kabisa ni milioni 1,050. Skeli ni lazima iwe moja kwa mihimili yote miwili. Hili linaonekana dogo, ila nimewahi kuona grafu ambayo kila mhimili ulijipangia skeli yake, na mistari yote ikawa haina maana yoyote.

Sasa weka nukta. Mbagala mwaka 2022 ni 480, ambayo ukiigawa kwa 50 unapata sentimita 9.6 kutoka chini, na mwaka 2024 ni 640, yaani sentimita 12.8. Unganisha nukta hizo, na mstari wa Mbagala utakuwa umepanda sentimita 3.2. Gongo la Mboto inaanzia sentimita 3.0 na kuishia 4.8, kwa hiyo imepanda sentimita 1.8. Sinza inashuka kutoka 12.2 hadi 11.2. Tegeta inapanda milimita 3 tu, na kwa mbali utadhani imelala kabisa.

Kazi ngumu inaanza kwenye majina. Kila jina na namba yake huandikwa mkabala na nukta, kushoto na kulia, ili msomaji asihitaji kisanduku cha maelezo ya rangi wala kuhangaika na ngazi za mhimili. Lakini mwaka 2024 Tabata ipo kwenye sentimita 8.2 na Tegeta ipo kwenye 8.1. Zimeachana kwa milimita 1, ilhali herufi za kawaida zina urefu wa milimita 3, kwa hiyo ukiandika kila jina mahali pake hasa majina yatapandana na hakuna litakalosomeka. Hapa kuna sheria moja: nukta haisogezwi kamwe, kinachosogezwa ni jina. Tabata ipandishwe juu kidogo, Tegeta ishushwe chini kidogo, na kama bado hayatoshi, yaandikwe pamoja katika mistari miwili. Namba ikiwa imeandikwa, msomaji hatapotea kwa sababu jina limesogea milimita mbili.

Kuhusu rangi, mimi huipaka mistari yote kijivu, kisha huchagua mmoja au miwili inayobeba hoja na kuipaka rangi nzito. Katika mfano wetu ningeikoleza Mbagala na Sinza. Watu wengi hupenda kijani kwa wanaopanda na nyekundu kwa wanaoshuka, lakini wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili, na nakala ya fotokopi ya pale mtaani huzifanya zote kuwa nyeusi. Mwelekeo wa mstari tayari unasema kama umepanda au umeshuka, kwa hiyo rangi haina haja ya kurudia.

Ubishi wa mzee na meneja

Turudi ukumbini. Mstari wa Mbagala umepanda sentimita 3.2 na wa Gongo la Mboto sentimita 1.8, kwa hiyo mzee aliyesema Mbagala imepanda zaidi aliiona karatasi vizuri. Mbagala imeongeza milioni 160, Gongo la Mboto imeongeza milioni 90. Katika grafu ya aina hii, ukali wa mwinamo unapima shilingi zilizoongezeka na si kitu kingine.

Meneja naye alikuwa akizungumzia asilimia. Milioni 90 juu ya mtaji wa mauzo wa milioni 150 ni ongezeko la asilimia 60, ilhali milioni 160 juu ya 480 ni asilimia 33. Ni kama muuza mihogo na mwenye duka la jumla ambao kila mmoja ameongeza shilingi elfu kumi kwa siku: kwa wa kwanza maisha yamebadilika, kwa wa pili huenda hata hakugundua. Tawi kubwa huwa na mstari mkali kwa urahisi, na tawi dogo huweza kukua kwa kasi ya ajabu huku mstari wake ukionekana wa kawaida kule chini ya karatasi. Hivyo ile imani ya kwamba mstari mkali kuliko yote ndio tawi lililofanya vizuri kuliko yote si ya kuaminiwa mpaka ujue swali lilikuwa la shilingi au la asilimia.

Kama swali ni la asilimia, ipo njia ya kuifanya grafu yenyewe iseme asilimia, nayo ni kutumia skeli ya logi. Katika skeli ya kawaida kila sentimita inaongeza kiasi kilekile. Katika skeli ya logi kila umbali uleule unazidisha kwa kiasi kilekile: kutoka 100 hadi 200 ni umbali sawa na kutoka 200 hadi 400, na sawa na kutoka 400 hadi 800. Ukiamua kwamba kila kuongezeka maradufu ni sentimita 6, Gongo la Mboto inapanda sentimita 4.1, Mbagala sentimita 2.5, na Kariakoo, ambayo imeongeza asilimia 7 tu, inapanda milimita 6. Karatasi ni ileile na namba ni zilezile, lakini sasa meneja ndiye anayeonekana ana haki.

Hata hivyo sipendi kupeleka skeli ya logi kwenye mkutano wa wabia. Watu waliozoea kwamba nusu ya karatasi ni nusu ya fedha wataisoma hivyo hivyo hata ukiwaeleza, na watadhani Gongo la Mboto inakaribia kuifikia Sinza. Huwa naiacha grafu ya shilingi ilivyo na kuandika asilimia kwenye jina la upande wa kulia, namna hii: "Gongo la Mboto 240, +60%". Mzee angeikuta asilimia yake kwenye karatasi na swali lisingezaliwa.

Njia ya tatu ambayo wengine huitumia ni kulifanya kila tawi lianze na 100, ili mistari yote itoke kwenye nukta moja na kutawanyika kama njiti za chelewa. Inaonyesha asilimia vizuri na haihitaji maelezo mengi, lakini inaficha ukubwa wa matawi, na mtu anaweza kutoka ukumbini bila kujua kwamba Kariakoo inauza zaidi ya mara nne ya Gongo la Mboto.

Tawi lililofunguliwa Agosti

Msomaji makini atakuwa ameshauliza kuhusu Kigamboni, ambayo sikuigusa makusudi. Kwa asilimia, Kigamboni ndiyo iliyotakiwa kuwa bingwa, maana kutoka 85 hadi 230 ni karibu mara tatu. Hata kwa shilingi imepanda milioni 145, ikiikaribia Mbagala.

Lakini tuseme tawi hilo lilifunguliwa tarehe 1 Agosti 2022. Zile milioni 85 ni mauzo ya miezi 5, na zile milioni 230 ni mauzo ya miezi 12. Tukigawa kwa miezi, mwaka 2022 liliuza milioni 17 kwa mwezi, na mwaka 2024 liliuza milioni 19.2 kwa mwezi, ongezeko la kama asilimia 13. Mstari ule mkali ulikuwa unapima kalenda. Kosa hili ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote, na dalili yake ni mstari wa tawi dogo unaopaa peke yake kwa mwinamo usiofanana na mwingine wowote. Ukiuona, kabla ya kupongeza, uliza tawi lilifunguliwa lini, lilifungwa kwa ukarabati lini, na kama hesabu za mwaka wa pili zimefika Desemba au zimeishia Septemba.

Suluhisho ni kuyachora matawi yote kwa wastani wa mwezi, au kuliacha tawi jipya na nukta moja tu upande wa kulia na neno "jipya" pembeni. Mimi nachagua la pili, kwa sababu miezi ya mwanzo ya duka lolote haiwakilishi biashara yake. Vivyo hivyo kwa tawi lililofungwa: lina nukta ya kushoto na halina ya kulia. Lisiwekewe sifuri, kwa kuwa sifuri ingechora mstari unaoporomoka mpaka chini, kana kwamba duka lilikuwa wazi mwaka mzima na hakuna aliyeingia.

Mwaka wa kuanzia nao unahitaji jicho lile lile. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Mfanyabiashara wa maeneo hayo akichagua 2021 kuwa mwaka wake wa kushoto, anaweza kupata mstari unaopanda au unaoshuka kwa sababu ya moto ule tu, kutegemea kama wateja wake walitawanyika au walihamia kwake kutoka sokoni. Tulipoanzia na 2022 hatukuondoa kila tatizo, lakini tulilikwepa hilo moja, na aliyechora anapaswa kuandika kwa nini alichagua miaka hiyo.

Mstari hausemi kilichotokea katikati

Abiria akipanda daladala Mbagala saa kumi na mbili asubuhi na kushuka Kariakoo saa mbili, tunajua alikoanzia na alikoishia. Hatujui kama gari lilikwama Mtoni kwa Aziz Ali au lilitembea polepole njia nzima. Mstari wa grafu ya mteremko ni kama safari hiyo: una ncha mbili za kweli, na katikati ni rula tu.

Kwa mfano, Sinza imeshuka kutoka 610 hadi 560, na mstari wake unaonekana kama tawi linalopungua taratibu kwa miaka miwili. Tuseme mwaka 2023 iliuza 690. Basi tawi hilo lilipanda vizuri, kisha likapoteza milioni 130 katika mwaka mmoja. Hayo ni matatizo mawili tofauti kabisa, na meneja wa tawi linalopungua polepole haulizwi maswali sawa na yule ambaye duka lake limeanguka ghafla, pengine kwa sababu duka jingine la dawa limefunguliwa ng'ambo ya barabara. Kama una namba za mwaka wa katikati na haziufuati mstari huo, achana na grafu ya mteremko na uchore grafu ya mstari ya kawaida yenye miaka mitatu.

Kosa jingine linalotokana na hilo ni kusoma makutano. Mstari wa Sinza na wa Mbagala unakatana, na nimesikia watu wakipima kwa kidole na kusema kwamba Mbagala iliipita Sinza "kama mwezi fulani wa 2023". Sehemu mistari inapokatana haina tarehe. Inasema jambo moja tu, kwamba nafasi zimebadilishana: aliyekuwa chini mwaka wa kwanza yupo juu mwaka wa pili. Tabata na Tegeta nazo zimekatana, lakini tofauti yao mwaka 2024 ni milioni 5, kiasi ambacho bili moja ya hospitali iliyochelewa kulipwa ingeweza kukigeuza, kwa hiyo nisingelitangazia ushindi tawi lolote kati ya hayo.

Shilingi ya 2022 si shilingi ya 2024

Tegeta imetoka 390 hadi 405. Mstari unapanda, ingawa kidogo, na meneja wake angeweza kusema kwamba angalau hakurudi nyuma. Lakini kwa mujibu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wastani wa mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 3.8 mwaka 2023 na asilimia 3.1 mwaka 2024. Kitu kilichouzwa shilingi 100 mwaka 2022 kwa wastani kilifikia shilingi 103.8 mwaka uliofuata, na ile 103.8 ikiongezewa asilimia 3.1 inafika 107. Kwa hiyo ili tawi libaki pale pale kwa thamani, mauzo yake yalitakiwa kuongezeka kwa asilimia 7.

Zidisha namba za kushoto kwa 1.07 na uchore upya, sasa kila kitu kikiwa katika shilingi za 2024. Tegeta inaanzia 417 na kuishia 405, kwa hiyo mstari uliokuwa ukipanda sasa unashuka. Kariakoo inaanzia 1,006 na kuishia 1,010, yaani imelala. Sinza inaanzia 653, na anguko lake linakuwa milioni 93 badala ya 50. Mbagala, Tabata na Gongo la Mboto bado zinapanda. Tulikuwa na mistari mitano inayopanda tukiiacha Kigamboni pembeni, na sasa tuna mitatu.

Bei za dawa hazipandi lazima sawasawa na bei za unga na nauli, ambazo zimo katika wastani huo wa taifa, kwa hiyo anayeweza kupata mabadiliko ya bei zake mwenyewe kutoka kwenye ankara za manunuzi atumie hayo. Asiyeweza, atumie wastani wa taifa na aandike hivyo chini ya grafu. Na kama kinachochorwa ni idadi ya wateja au ya risiti badala ya shilingi, marekebisho haya hayahitajiki kabisa, na hiyo ni sababu nzuri ya kupenda kuchora idadi ya wateja.

Kuichora kwenye Excel

Excel haina kitufe cha grafu ya mteremko, lakini grafu yake ya mistari inatosha. Andika jedwali kama lilivyo hapo juu na uache seli ya kona ya juu kushoto ikiwa tupu. Ukiandika humo neno "Tawi", Excel huweza kudhani kwamba 2022 na 2024 ni mauzo, na utaona mstari wa ajabu ukielea juu ya 2,000 huku mingine yote ikiwa imebanwa chini. Kisha chagua jedwali lote, nenda `Insert`, na uchague `Line with Markers`.

Utakachokipata kwanza kitakukatisha tamaa: mistari miwili inayopita juu ya matawi saba kama milima. Excel huweka kwenye mhimili wa chini kile kilicho kingi, na matawi ni mengi kuliko miaka. Bofya grafu, nenda `Chart Design`, kisha `Switch Row/Column`, na mistari saba yenye ncha mbili itatokea. Futa kisanduku cha rangi na mistari ya nyuma. Kwa majina, bofya nukta moja ya upande wa kulia mara mbili polepole ili ichaguliwe peke yake, ongeza lebo, na katika `Format Data Labels` weka alama kwenye `Series Name` na `Value`, na nafasi iwe `Right`. Za upande wa kushoto nafasi iwe `Left`. Kwa matawi saba ni lebo 14, kazi ya dakika kumi. Yakizidi kama 15, mistari itasukana kama mkeka na hakuna jina litakalopata nafasi, na hapo ni bora kuyagawa katika grafu ndogo zenye skeli moja, kwa mfano moja kwa kila wilaya: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Jambo moja ambalo watu hulishupalia ni kwamba mhimili lazima uanze na sifuri. Kwa pau ni kweli, kwa kuwa urefu wa pau ndio kipimo. Katika grafu ya mteremko kipimo ni tofauti ya kimo kati ya ncha mbili, kwa hiyo unaweza kuanza na 100 bila kudanganya mtu, ilimradi mihimili yote miwili ianze hapo na namba ziwe zimeandikwa. Ila ujue kwamba ukiivuta grafu iwe nyembamba na ndefu, kila mwinamo utaonekana mkali, na ukiitanua iwe pana, hata Mbagala itaonekana imetulia. Anayelinganisha taarifa za miaka miwili tofauti aangalie kwanza kama grafu zina vipimo sawa.

Chini ya ile ya mkutanoni, kama ningeombwa kuichora upya, ningeandika hivi: "Mauzo ya mwaka kwa milioni za shilingi, katika bei za 2024. Mwinamo unaonyesha shilingi. Asilimia zimeandikwa kwenye majina. Kigamboni ilifunguliwa Agosti 2022, kwa hiyo imeonyeshwa kwa 2024 pekee."